Ukigeuza Vibaya, Unazunguka

Katika usaili wa kazi ya kuandika programu kuna maswali mawili yaliyozeeka bila kustaafu. La kwanza: huu hapa mnyororo wa nodi, ugeuze ili wa mwisho awe wa kwanza. La pili: huu hapa mnyororo mwingine, niambie kama una mwisho au unajizungusha. Kijana wa Nairobi anayesailiwa kwa video na kampuni iliyoko Ulaya anaweza kuulizwa yale yale aliyoulizwa mwenzake wa Kigali wiki moja kabla. Wengi huyakariri kama maswali mawili yasiyojuana. Mimi nadhani ni jamaa wa karibu sana, na ndani ya lugha ya Java kiliwahi kukaa kwa miaka mingi kipande cha programu kilichoonyesha undugu huo waziwazi, kikazisumbua seva nyingi. Tutafika huko. Kwanza tuujue mnyororo wenyewe.

Kompyuta ina njia mbili kuu za kutunza vitu vingi kwa mpangilio. Njia ya kwanza ni safu: vitu vinapangwa kwenye kumbukumbu kimoja baada ya kingine bila pengo, kwa hiyo ukitaka cha 300 mashine inapiga hesabu ya mahali kilipo na kukichukua moja kwa moja. Njia ya pili ni mnyororo. Hapa kila kitu kinaweza kukaa popote kwenye kumbukumbu, na kila kimoja kinabeba, pamoja na thamani yake, anwani ya kinachokifuata. Kipande hicho chenye thamani na anwani ndicho kinaitwa nodi, na ile anwani inaitwa kielekezi. Kwenye mashine nyingi za leo kielekezi kimoja kinachukua baiti 8. Nodi ya mwisho haielekezi popote, na hiyo ndiyo alama pekee kwamba umefika mwisho.

Umewahi kuingia kwenye zahanati ambako hakuna mstari wala namba? Watu wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama chini ya mwembe. Unauliza, "Wa mwisho ni nani?" Mama mmoja ananyoosha mkono, nawe unamkariri sura yake, basi. Foleni ipo, ila hakuna anayeiona yote. Kila mtu anamjua mmoja tu. Mnyororo wa nodi uko hivyo hivyo. Mwenye mnyororo anashika nodi moja, ya kichwani, na zilizobaki anazipata kwa kuuliza nodi moja baada ya nyingine. Akiipoteza moja, amepoteza na zote zilizo nyuma yake.

Wazo hili si la jana. Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walilitumia kati ya 1955 na 1956 walipokuwa wakiandika programu ya kuthibitisha kanuni za mantiki, kazi ambayo haikuwaruhusu kujua mapema ni kumbukumbu kiasi gani ingehitajika na wapi. Mnyororo hukua nodi kwa nodi, bila kuomba nafasi kubwa iliyo mfululizo.

Sasa swali la kwanza. Chukua mnyororo wa nodi nne: Asha anamwelekeza Baraka, Baraka anamwelekeza Chiku, Chiku anamwelekeza Daudi, na Daudi hamwelekezi mtu. Tunataka Daudi awe kichwa, na Asha awe wa mwisho. Sharti la msaili ni kwamba usitengeneze nodi mpya wala usiziweke kwenye safu pembeni. Geuza vielekezi vilivyopo, papo hapo. Jibu linalokubalika, likiandikwa kwa Python, ni hili:

```python
def geuza(kichwa):
    nyuma = None
    sasa = kichwa
    while sasa is not None:
        mbele = sasa.next
        sasa.next = nyuma
        nyuma = sasa
        sasa = mbele
    return nyuma
```

Sehemu ya nodi iitwayo `next` ndiyo kielekezi, na `None` maana yake ni hakuna. Kazi yote iko kwenye mistari minne ya katikati. Wa kwanza unahifadhi anwani ya nodi inayofuata. Wa pili unakata kielekezi cha nodi tuliyoishika na kukigeuzia nyuma. Miwili iliyobaki inasogeza mikono hatua moja mbele.

Tuifuate. Mwanzoni `nyuma` haina kitu na `sasa` ni Asha. Duru ya kwanza: tunamhifadhi Baraka kwenye `mbele`, tunamfanya Asha asimwelekeze mtu, kisha tunasogea. Hapo kumbukumbu ina minyororo miwili: mmoja wenye Asha peke yake, na mwingine unaoanzia kwa Baraka hadi Daudi. Duru ya pili: tunamhifadhi Chiku, tunamgeuza Baraka amwelekeze Asha. Sasa mnyororo wa kwanza ni Baraka na Asha, wa pili ni Chiku na Daudi. Duru ya tatu inamhamisha Chiku, ya nne inamhamisha Daudi, na `sasa` inabaki bila kitu. Tunarudisha `nyuma`, ambayo ni Daudi, kichwa kipya.

Ukikitazama kitendo hiki kwa namna hiyo, kukariri hakuna haja tena. Wakati wowote kuna minyororo miwili, uliokwisha kugeuzwa na ambao bado, na kila nodi iko kwenye mmoja tu kati ya hiyo. `nyuma` inaushika wa kwanza, `sasa` inaushika wa pili. Kila duru inatoa nodi moja upande huu na kuitia upande ule. Msailiwa anayeweza kusema hivyo kwa kinywa chake kabla hajagusa kibodi amejibu swali tayari. Kinachobaki ni uandishi.

Makosa yanayotokea hapa ni machache, na kila moja lina dalili yake. Ukikata kielekezi kabla ya kuhifadhi kinachofuata, Asha anageuzwa, halafu unapotaka kwenda kwa Baraka hakuna tena anayejua Baraka yuko wapi. Programu haitapiga kelele. Itamaliza kwa utulivu na kukurudishia mnyororo wa nodi moja. Kwenye Python na Java nodi zilizopotea zitafagiwa baadaye na mashine yenyewe. Kwenye lugha ya C zitabaki zimekalia kumbukumbu bila mwenyewe hadi programu izimwe. Ukikosea kwa kurudisha `kichwa` badala ya `nyuma`, utaona dalili ile ile, Asha peke yake, ingawa safari hii ugeuzaji ulifanyika sawasawa na wewe umeshika upande usio.

Kuna pia wanaopenda kuligeuza kwa kitendo kinachojiita chenyewe, yaani geuza mkia kwanza, kisha ufungie kichwa mwishoni. Ni njia nzuri kuitazama, lakini kila mwito unasubiri ulio ndani yake umalize, na Python kwa kawaida inakataa miito iliyopandana ikifika karibu 1,000. Mnyororo wa nodi 5,000 tu utaangusha jibu hilo zuri.

Kosa lililobaki ndilo linalonivutia. Mtu anajiambia: Asha ndiye wa kwanza, hana wa kumgeukia, basi nianze na `nyuma` ikiwa Asha na `sasa` ikiwa Baraka, niokoe duru moja. Ugeuzaji unaendelea vizuri. Baraka anamwelekeza Asha, Chiku anamwelekeza Baraka, Daudi anamwelekeza Chiku. Lakini Asha hakuguswa na mtu, na kielekezi chake cha zamani bado kinamwonyesha Baraka. Ukichapisha mnyororo huo utaona Daudi, Chiku, Baraka, Asha, Baraka, Asha, Baraka, Asha, na mashine haitanyamaza mpaka uizime. Umekusudia kugeuza, umetengeneza duara. Swali la kwanza limekuzalia la pili.

Mtu anaweza kusema hayo ni makosa ya wanafunzi. Kisa cha Java kinakataa. Lugha hiyo ina jedwali liitwalo `HashMap`, chombo ambacho karibu kila programu ya Java inakitumia kutafuta kitu kwa jina lake. Ndani yake kuna visanduku, 16 kwa kuanzia, na kila jina linapangiwa kisanduku kwa hesabu fulani. Majina mawili yakiangukia kisanduku kimoja yanafungwa kwa mnyororo. Jedwali likijaa kupita robo tatu, visanduku vinaongezwa maradufu, na nodi zote zinahamishiwa kwenye jedwali jipya. Hadi toleo la 7 la Java, uhamishaji huo ulikuwa unachukua nodi moja moja kutoka mnyororo wa zamani na kuiweka kichwani mwa mnyororo mpya. Kiini chake, nikiondoa yasiyohusika, kilikuwa hiki:

```java
next = e.next;
e.next = newTable[i];
newTable[i] = e;
e = next;
```

Linganisha na mistari minne ya juu. Ni ile ile: hifadhi kinachofuata, geuza kielekezi, sogea, sogea. Waandishi wake hawakukusudia kugeuza chochote. Walihamisha tu, na kugeuka kulikuja kwa sababu anayewekwa kichwani kwanza ndiye anayeishia chini.

Kwa mfanyakazi mmoja kipande hiki hakina kosa. Taabu inaanza wafanyakazi wawili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja ndani ya programu moja, wanapohamisha jedwali lile lile bila kufunga mlango. Tuseme kisandukuni wamo Asha na Baraka, Asha akimwelekeza Baraka, na wote wataangukia kisanduku kimoja hata kwenye jedwali jipya. Mfanyakazi wa kwanza anamshika Asha, anahifadhi kwamba anayefuata ni Baraka, na papo hapo prosesa inampumzisha. Wa pili anaingia, anahamisha wote wawili mpaka mwisho: sasa Baraka anamwelekeza Asha, na Asha hana mtu mbele. Wa kwanza anazinduka, hana habari ya yaliyopita. Anamweka Asha kwenye jedwali lake. Anamchukua Baraka aliyemhifadhi, anamuuliza nani anafuata, na Baraka, aliyekwisha kugeuzwa, anamtaja Asha. Baraka anawekwa juu ya Asha. Kisha mfanyakazi anamchukua Asha kwa mara ya pili, anakuta hana anayemfuata, anamgeuza amwelekeze Baraka aliye kichwani, na anamaliza kazi. Asha anamwelekeza Baraka, Baraka anamwelekeza Asha. Duara limefungwa, na hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa vibaya.

Dalili yake iliwatesa watu kwa sababu inajificha. Ukimtafuta Asha unampata. Ukimtafuta Baraka unampata. Lakini ukitafuta jina lisilokuwemo ambalo hesabu inalipeleka kisanduku kile kile, utafutaji unazunguka milele ukitarajia mwisho ambao haupo. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za matukio. Kinachoonekana ni prosesa kupanda mpaka 100% na kubaki hapo, na mtu akichapa `jstack` kuona kila kazi inafanya nini, anakuta kazi kadhaa zimeganda ndani ya `HashMap.get`. Ukiiwasha seva upya tatizo linatoweka, mpaka siku nyingine. Nyaraka za chombo hicho zilikuwa zimeonya tangu mwanzo kwamba hakikuundwa kutumiwa na kazi nyingi kwa pamoja bila ulinzi, na tangu 2004 Java ilikuwa na mbadala wake kwa matumizi hayo, `ConcurrentHashMap`. Toleo la 8, la 2014, lilibadilisha uhamishaji ukawa unatunza mpangilio wa zamani badala ya kuugeuza, na duara la namna hii likakosa njia ya kuzaliwa. Onyo la nyaraka, hata hivyo, bado lipo, na lina sababu zake nyingine.

Basi umepewa mnyororo unaoshuku. Utajuaje kama unajizungusha?

Kuufuata tu hakusaidii, kwa sababu mnyororo mrefu sana na mnyororo wa duara vinafanana kwa anayetembea ndani yake. Njia ya wazi ni kuandika pembeni kila nodi uliyoipita na kuangalia kama inayofuata imo kwenye orodha yako. Inafanya kazi, na kwenye kazi halisi mara nyingi mimi ningeichagua, kwa kuwa anayesoma baada yangu anaielewa kwa kuitupia jicho. Gharama yake ni kumbukumbu: mnyororo wa nodi milioni moja utakudai makumi ya megabaiti za orodha hiyo ya pembeni. Msaili atakusikiliza, atatikisa kichwa, kisha atauliza kama unaweza bila orodha.

Jibu ni kutuma watembezi wawili kutoka kichwani, mmoja akipiga hatua moja na mwenzake hatua mbili kila duru. Wanaitwa kobe na sungura, na kwa msomaji wa Kiswahili hawahitaji utambulisho. Mbinu hii inahesabiwa kuwa ya Robert Floyd, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Turing 1978. Aliyemtaja kuwa mwenyewe ni Donald Knuth, katika kitabu chake cha 1969, na makala ya Floyd ya 1967 ambayo watu huitaja kama chanzo inazungumzia jambo jingine kabisa. Ni sifa iliyosimama juu ya neno la rafiki.

```python
def ina_duara(kichwa):
    kobe = sungura = kichwa
    while sungura is not None and sungura.next is not None:
        kobe = kobe.next
        sungura = sungura.next.next
        if kobe is sungura:
            return True
    return False
```

Kama mnyororo una mwisho, sungura ataufikia kwanza na kazi imekwisha. Ndiyo maana masharti mawili ya mstari wa `while` yanamhusu yeye tu: anaruka mbili, kwa hiyo lazima tujue kwamba yupo na kwamba aliye mbele yake naye yupo. Ukisahau sharti la pili, programu itaanguka kwenye minyororo ambayo idadi ya nodi ni witiri na kupita salama kwenye ile ya shufwa, jambo linalomchanganya mtu aliyejaribu kwa mfano mmoja tu.

Kama kuna duara, wote wawili wataingia humo na hawatatoka. Swali ni kwa nini lazima wakutane, na kwa nini sungura asiweze kumruka kobe kila mara. Tazama umbali uliobaki kwa sungura kumfikia kobe kwa mbele. Kila duru kobe anausogeza kwa moja, sungura anaupunguza kwa mbili, kwa hiyo unapungua kwa moja kamili. Ukiwa nne, utakuwa tatu, mbili, moja, sifuri. Kitu kinachopungua moja moja hakiwezi kuruka sifuri. Kwa hiyo kobe hatamaliza hata mzunguko mmoja kabla ya kukamatwa, na hatua zake zote kwa jumla hazitazidi idadi ya nodi zilizomo.

Tuchukue nodi saba, A mpaka G, na G ielekeze C. Mkia ni A na B. Duara ni C, D, E, F, G. Wote wanaanzia A. Baada ya duru ya kwanza kobe yuko B na sungura C. Ya pili: kobe C, sungura E. Ya tatu: kobe D, sungura G. Ya nne: kobe E, na sungura akitoka G anapita C na kutua D, nyuma ya kobe kwa hatua moja. Ya tano: kobe F, sungura F. Wamekutana.

Angalia alama ya `is` kwenye mstari unaolinganisha. Tunauliza kama ni nodi ile ile, si kama zina thamani sawa. Mnyororo unaweza kuwa na Asha wawili wasiojuana, na anayelinganisha majina atatangaza duara pasipo na duara.

Msaili mwenye subira ataongeza: duara linaanzia nodi gani? Hapa jibu linafanana na mazingaombwe mpaka ulipigie hesabu. Mwache mmoja pale walipokutana, mrudishe mwingine kichwani, kisha wote watembee hatua moja moja. Watakapokutana tena, hapo ndipo mlango wa duara. Kwenye mfano wetu mmoja yuko A na mwingine F. Kisha B na G. Kisha C na C. Kweli, C.

Sababu ni hii. Walipokutana F, kobe alikuwa amepiga hatua tano na sungura kumi. Wametoka mahali pamoja na wamesimama mahali pamoja, kwa hiyo hatua tano alizozidi sungura ni mizunguko kamili, haina nusu. Lakini tano hiyo ndiyo pia hesabu ya hatua za kobe mwenyewe. Maana yake, aliyebaki F ametembea tangu A idadi ya hatua iliyo sawa na mizunguko mizima. Akiongeza mbili, ambazo ni urefu wa mkia, atakuwa ametembea mkia na mizunguko mizima, na anayetembea hivyo husimama mlangoni. Mwenzake aliyerudi kichwani, baada ya hatua hizo hizo mbili, naye anafika mlangoni kwa mara ya kwanza.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja ambalo watu hulivunja bila kujua: wawili hao lazima wawe wameanzia nodi moja. Wapo wanaomtanguliza sungura hatua moja, aanzie B wakati kobe yuko A, ili wasionekane wamekutana kabla ya safari. Kwa kugundua duara hakuna ubaya. Kobe na sungura wetu watakutana E badala ya F. Lakini jaribu hatua ya pili kutoka hapo: A na E, B na F, C na G, D na C, E na D. Mmoja amebaki nyuma ya mwenzake kwa hatua moja, na kwa kuwa sasa wote wanatembea mwendo mmoja, hawatafikiana kamwe. Programu iliyoandikwa kutafuta duara imenasa ndani ya duara lile lile. Nikiwa msaili, hapo ndipo ningeuliza, maana aliyekariri hatajua kwa nini.

Linabaki jambo ambalo vitabu vya maandalizi ya usaili hulipita haraka, na mimi naliona tamu kuliko yote. Umpe `geuza`, kile kitendo cha mwanzo, mnyororo wenye duara. Wengi watakisia kwamba kitazunguka milele. Hakizunguki. Chukua A, B, C, D, E, na E ielekeze C. Kitendo kinapita A na B kikiwageuza, kinaingia C, D, E, kikiwageuza nao. Kutoka E kinarudi C, lakini C ameshageuzwa na sasa anaonyesha B. Kitendo kinamgeuza C amwelekeze E, kinashuka kwa B, kinamgeuza amwelekeze C, kinashuka kwa A, kinamgeuza amwelekeze B, na mbele ya A hakuna kitu. Kimekwisha. Kinarudisha A, kichwa kile kile ulichokipa. Mkia umegeuzwa mara mbili ukarudi ulivyokuwa. Ni duara tu lililogeuka, sasa linakwenda C, E, D, C.

Kwa hiyo ugeuzaji wenyewe ni kipimo. Mnyororo wenye mwisho ukigeuzwa unakupa kichwa kipya. Wenye duara unakurudishia kichwa cha zamani. Ukigeuza mara ya pili, kila kielekezi kinarudi mahali pake kama hukuwahi kuugusa, kwa aina zote mbili. Hauhitaji kobe, hauhitaji sungura, hauhitaji orodha ya pembeni. Unahitaji tu uhakika kwamba hakuna mwingine anayeusoma mnyororo huo wakati umeupasua katikati, na baada ya kisa cha Java sidhani kama kuna wa kukushauri uliweke kwenye seva lile jibu. Ubaoni, mbele ya msaili, linaruhusiwa, ila ulikague kwa mnyororo wa nodi moja kwanza: nodi hiyo ikijielekeza yenyewe au isipoelekeza popote, `geuza` itakurudishia ile ile, na kipimo chako hakitatofautisha. Ni lazima uitazame `next` yake kabla hujaanza.